Abiria wa Sita: Utata wa Mkataba Unapomrudia Aliyeuandika

(Hotuba kwa mkutano wa wamiliki wa magari ya abiria na mawakala wa bima, Morogoro)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, ndugu wamiliki wa magari, na ninyi mawakala wa bima mliokaa upande ule peke yenu kana kwamba tumeshafika mahakamani: asanteni kwa kunialika.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie maandishi madogo madogo ya nyuma ya hati ya bima. Mtaniwia radhi, hilo nitaliruka. Maandishi madogo dawa yake ni miwani. Ninachotaka tukitazame leo ni sentensi iliyoandikwa kwa herufi za kutosha, kila mtu ameisoma, hakuna aliyefichwa kitu, na bado mwenye gari ameondoka na maana yake na kampuni imebaki na yake. Hapo miwani haisaidii. Hapo ndipo anapoitwa jaji.

Nitatumia zaidi kesi moja ya Uingereza. Ni kesi ya gari lililozidisha abiria, na sidhani kama humu ndani yupo anayehitaji kuelezwa jambo hilo ni nini. Tena sheria zetu za mikataba zina mizizi huko, kwa hiyo kesi ya namna hii mawakili wa hapa huisoma na kuitumia.

Inaitwa Houghton dhidi ya Kampuni ya Bima ya Trafalgar, na iliingia kwenye vitabu vya kesi mwaka 1954. Bwana Houghton alikuwa na gari dogo la binafsi, lenye nafasi ya watu watano. Siku ya ajali lilikuwa na watu sita. Gari likaharibika, akapeleka madai, kampuni ikakataa kulipa. Ikamwonyesha kifungu katika hati yake kilichosema kwamba kampuni haitahusika na hasara, uharibifu au dhima itakayotokea wakati gari limebeba mzigo unaozidi ule ambao liliundwa kuubeba. Neno la Kiingereza lililotumika kwa "mzigo" huweza kubeba vyote viwili, magunia na watu, na kampuni ikasema: gari liliundwa kwa watano, wewe ulibeba sita, mzigo umezidi, kwaheri.

Naomba mikono. Nani anaona kampuni ilikuwa na haki? Naam, mawakala wote, kama nilivyotarajia. Na wenye magari wachache wamewasaliti wenzao. Mwenyekiti nadhani amewaona.

Wala msione aibu. Hoja ya kampuni si ya kipuuzi. Gari lina viti, viti vina hesabu, na aliyepanda juu ya hesabu amezidi. Mtu akisoma kifungu kile mara moja, haraka, anaweza kabisa kukubali. Ndiyo maana kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Kampuni ilishindwa huko, na nataka tuone ilishindwaje, hatua kwa hatua, kwa sababu watu wengi hukumbuka matokeo na kusahau njia.

Hatua ya kwanza ni kuyapa maneno maana yake ya kawaida. Si maana ya kamusi iliyochomolewa peke yake. Ni maana ambayo mtu mwenye akili timamu, aliyeko katika hali ya hao waliofunga mkataba, angeyapa maneno yale akiyakuta pale yalipo. Na pale yalipo ni wapi? Tusome tena: "mzigo unaozidi ule ambao liliundwa kuubeba." Neno "mzigo" lina jirani yake, na jirani huyo ni "liliundwa". Kifungu kinataka gari ambalo mtengenezaji wake ameliwekea kipimo fulani cha kubeba. Lori linalo kipimo hicho. Tani zake zinajulikana, zimeandikwa, na ukipita mizani utaambiwa umezidi kilo ngapi. Kwa lori, kifungu kile kinafanya kazi vizuri kabisa: kuna namba, kuna mizani, kuna jibu la ndiyo au hapana. Majaji waliona hivyo, kwamba maneno yale yanakaa sawasawa kwenye gari lenye uzito wake uliotajwa.

Sasa kilete kifungu hichohicho kwenye gari dogo la familia. Kama "mzigo" ni uzito, nani anajua gari lile liliundwa kubeba kilo ngapi za watu? Mwenye gari hajui, na hati haisemi. Kama "mzigo" ni idadi ya watu, basi wanaume watano wa miraba minne na masanduku yao nyuma wako salama, lakini mama, baba na watoto wanne wembamba hawana bima. Zote ni maana zinazowezekana. Hakuna inayokaa kwa raha.

Kuna neno jingine katika kifungu kile ambalo mtu hulipita bila kuliona, nalo ni "wakati". Hakikusema hasara iliyosababishwa na kuzidisha mzigo. Kilisema hasara itakayotokea wakati mzigo umezidi. Maana yake, ukiikubali tafsiri ya kampuni, gari limesimama kwenye taa nyekundu, breki nzima, dereva hana kosa, linagongwa kwa nyuma na mlevi. Lakini kwa kuwa ndani kuna mtu wa sita, bima imekufa kwa dakika zile. Mtu wa sita akishuka, bima inafufuka. Kadiri matokeo ya tafsiri yanavyozidi kuwa makali, ndivyo tunavyotarajia maneno yawe wazi zaidi, kwa kuwa si rahisi kuamini kwamba mtu alilipia bima ya namna hiyo huku akijua.

Niongeze hoja yangu mwenyewe hapa. Sisemi majaji waliegemea juu yake. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1934 ilikuwa na kifungu kilichoorodhesha masharti ambayo kampuni ya bima haiwezi kuyatumia kumkimbia mtu wa tatu aliyeumizwa. Katika orodha ile, idadi ya watu waliobebwa na uzito wa bidhaa zilizobebwa vimetajwa kama vitu viwili tofauti, kila kimoja na mstari wake. Sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa watu wa tatu ilifuata mpangilio huohuo. Kwa hiyo miaka 20 kabla ya kesi hii, biashara ya bima ilikuwa inajua kabisa jinsi ya kuandika "idadi ya watu" inapotaka kusema idadi ya watu. Huo ndio muktadha: lugha ambayo watu wa kazi ile walikuwa nayo mkononi, na hawakuitumia.

Baada ya kusoma maneno, majirani zake, hati nzima na mazingira, majaji wakajikuta bado wana maana mbili mezani. Ni hapo tu, mwishoni, ndipo ile kanuni inapoingia. Wanasheria huiita kwa Kilatini, kontra proferentem: utata uliobaki unafasiriwa dhidi ya yule aliyeyaleta maneno. Aliyeyaleta alikuwa kampuni. Jaji Somervell alisema hivyo bila kuzunguka, na Jaji Romer akaongeza jambo ambalo wakala yeyote angelibandika juu ya meza yake: kampuni inayotaka kumnyima mwenye gari bima katika hali kama ile iseme kwa maneno yaliyo wazi, ili mwenye gari ajue hasa amesimama wapi. Bwana Houghton akalipwa.

Mbona utata ubebwe na mwandishi? Kwa sababu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuuondoa, na kwa gharama ya wino tu. Mwenye gari alipewa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Hakuweza kuhamisha hata nukta. Warumi wa kale walikuwa na kanuni inayofanana na hii: ahadi ikiwa na utata, utata huo ulimwendea vibaya yule aliyeitunga na kuidai. Na Uingereza yenyewe imeiandika kwenye sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015, kwamba sharti la mkataba wa mlaji likiwa na maana zaidi ya moja, inashinda ile inayomfaa mlaji zaidi.

Wenye magari naona mnatabasamu. Subirini kwanza.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye barua za madai, zikiwemo zile zilizoandikwa na mawakili wenzangu, ni kuanza na kanuni hii. Aya ya kwanza tu: "Kifungu hiki kina utata, na utata ni dhidi ya kampuni." Utata uko wapi? Haujaonyeshwa. Kutokubaliana si utata. Sentensi ngumu si utata. Sentensi inayoniumiza si utata. Utata ni pale ambapo, baada ya kusoma hati nzima kwa nia njema, zinabaki maana mbili na kila moja inaweza kusimama kwa miguu yake. Barua nzuri huziandika zote mbili, ya kampuni na ya mdai, kisha huonyesha kwa mfano kwamba zote zinawezekana. Kama huwezi kuiandika maana yako kwa sentensi moja bila kuongeza maneno ambayo hayamo kwenye hati, huna utata, una majuto.

Kesi inayoonyesha hilo bila huruma iko Wales, kwenye rasi ya Gower, mahali paitwapo Oxwich. Kulikuwa na kijiji cha mapumziko chenye nyumba ndogo 91, zilizopangishwa kwa miaka 99 inayohesabiwa tangu Desemba 1974. Kila mpangaji alitakiwa kuchangia matunzo ya kijiji: barabara, majani, mifereji. Katika nyumba 25 mkataba ulisema hivi, kwa maneno yangu: mpangaji atalipa sehemu yake ya gharama anazoingia mwenye kijiji, kwa kiasi cha pauni 90 kwa mwaka wa kwanza, kikiongezeka kwa pauni kumi katika kila mia kwa kila mwaka unaofuata.

Asilimia kumi juu ya asilimia kumi. Mwaka wa kumi umeshavuka pauni 200. Mwaka wa thelathini umeshavuka 1,400. Na mahakama ilionyeshwa kwamba ifikapo mwaka 2072 mpangaji mmoja angedaiwa zaidi ya pauni 550,000 kwa mwaka mmoja, kwa ajili ya kufyekewa majani kwenye nyumba ya likizo.

Wapangaji wakasema: haiwezekani mtu alikusudia hivi. Kifungu kinasema "sehemu ya gharama", kwa hiyo ile namba ni kikomo tu, yaani tunalipa gharama halisi, zisizidi pauni 90 na nyongeza zake. Ni hoja nzuri, na matokeo yake ni ya haki. Tatizo ni kwamba neno "zisizidi" halimo. Halikufichika, halikufutika, halikuandikwa. Kesi hiyo, Arnold dhidi ya Britton, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, na majaji wanne kati ya watano wakasema walipe. Jaji Neuberger alieleza kwamba busara ya kibiashara na mazingira yanasaidia kuelewa maneno, lakini hayawezi kutumiwa kuyadharau maneno yenyewe. Wapangaji walitaka pia vifungu vya michango ya namna ile visomwe kwa kubana dhidi ya mwenye nyumba. Akakataa kuwepo kwa kanuni maalumu ya aina hiyo.

Na angalieni mazingira yalivyofanya kazi upande wa pili. Sisi tukiona asilimia kumi leo tunaona wazimu. Lakini katika Uingereza ya miaka ya 1970 bei zilikuwa zikipanda kwa kasi; mwaka 1975 mfumuko ulipita asilimia 20. Mwenye kijiji na mpangaji wa wakati ule, kila mmoja akibashiri kivyake, wangeweza kuiona asilimia kumi kama kiasi cha kawaida, hata cha huruma. Muktadha unaoangaliwa ni wa siku ya kutia sahihi. Kwamba mambo yaligeuka vibaya baadaye si sababu ya kuyasoma maneno upya. Jaji Carnwath alipinga wenzake. Aliona matokeo ni ya ajabu mno kiasi kwamba maneno lazima yapewe maana nyingine. Binafsi nikisoma hukumu ile moyo wangu uko kwa Carnwath na kichwa changu kiko kwa Neuberger. Ningekuwa wakala anayeandika mikataba ya watu wengine, ningefuata kichwa.

Sasa nimetaja muktadha mara kadhaa, na neno hili hupendwa sana na mtu ambaye maandishi yamemkataa. Tuliwekee mipaka.

Mfano bora ninaoujua haumo kwenye kesi. Umo kwenye sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilitumika hapa kwetu mpaka tulipopata sheria yetu ya mikataba mwaka 1961. Sheria hiyo ilikuwa na mtindo mzuri wa kuweka mifano chini ya kifungu, kama mwalimu wa darasa. Chini ya kifungu kinachosema mapatano yasiyoeleweka maana yake ni batili, kuna mfano wa mtu aliyekubali kumuuzia mwenzake tani mia za mafuta. Mafuta gani? Hakuna chochote cha kuonyesha. Mkataba umekufa. Kisha chini yake upo mfano mwingine: mtu yuleyule, tani zilezile, maneno yaleyale, ila muuzaji ni mfanyabiashara wa mafuta ya nazi peke yake. Hapo mkataba unaishi, na ni wa mafuta ya nazi. Hakuna aliyeongeza herufi kwenye karatasi. Kilichobadilika ni jambo ambalo wote wawili walilijua walipokubaliana.

Hapo ndipo mpaka ulipo: jambo ambalo wote wawili walilijua, au lilikuwa wazi kwao wote, siku ile. Siyo lile lililokuwa moyoni mwa mmoja. Siyo "mimi nilidhani". Mahakama za Kiingereza hazipokei hata mazungumzo ya kupatana bei na masharti kabla ya mkataba kama ushahidi wa maana ya maneno, kwa sababu katika mapatano kila mtu anasema anachotaka, si alichokubaliwa.

Na kwetu Afrika Mashariki kuna kizingiti ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshapanda kizimbani. Sheria zetu za ushahidi, ya Tanzania na ya Kenya, zilifuata mpango wa sheria ya ushahidi ya India, nayo ni ya mwaka huohuo wa 1872. Mpango huo unagawa utata mafungu mawili. Fungu la kwanza ni utata unaoonekana usoni pa hati. Mfano wao: mtu ameandika kwamba anamuuzia mwenzake farasi kwa rupia 1,000 au rupia 1,500. Huhitaji kwenda popote kujua kuna tatizo. Lipo hapohapo kwenye karatasi. Kwa utata wa namna hiyo, ushahidi wa kusema bei ilikuwa ipi haupokelewi. Usilete shahidi, usilete mjomba aliyekuwepo. Mliandika wenyewe, mkaona wenyewe, mkaacha.

Fungu la pili ni utata uliojificha, unaojitokeza tu ukiipeleka hati kwenye dunia halisi. Mtu ameuza "nyumba yangu iliyoko Kalkuta". Sentensi safi kabisa. Ukienda Kalkuta unakuta hana nyumba huko. Nyumba yake iko Haura, ng'ambo ya mto, na mnunuzi amekaa humo tangu hati iandikwe. Hapa ushahidi unapokelewa, kuonyesha kwamba hati ilihusu nyumba ya Haura.

Kwa hiyo mkiwa na hati yenye utata, swali la kwanza kwa wakili wenu lisiwe "nani ana mashahidi?" Muulizeni: utata huu uko usoni au umejificha? Jibu lake litaamua kama mashahidi wenu watasikilizwa au watarudi nyumbani na nauli ya bure.

Turudi kwa kampuni na mwenye gari, maana kuna swali nimeliacha njiani: mwandishi ni nani? Kwenye hati ya kawaida ya gari jibu ni rahisi, ni kampuni. Lakini ninyi wenye mabasi mengi, mnaotumia dalali wa bima kuwatungia masharti maalumu na kuyapeleka kwa kampuni yakubaliwe, jueni kwamba kwa masharti yale mwandishi ni ninyi. Dalali ni mkono wenu. Utata ukitokea katika maneno aliyoyatunga yeye, kanuni inaweza kuwageukia ninyi.

Na pande mbili zikiwa na nguvu sawa, kila moja na mawakili wake, kanuni inanyong'onyea. Wales tena, safari hii bandari ya Barry. Kampuni za ujenzi wa nyumba ziliajiri wahandisi kwenye eneo la zamani la bandari, na mkataba ukasema dhima kwa dai lolote linalohusu asbesto imeondolewa. Ilipokutwa asbesto nyingi kuliko walivyotegemea, wajenzi wakasema maneno yale yana utata: yanaondoa dhima ya kusababisha asbesto, si ya kushindwa kuigundua. Mahakama ya Rufani, mwaka 2017, haikuona utata wowote. Jaji Jackson alisema kanuni ya kumgeuzia mwandishi ina nafasi finyu sana katika mikataba ya kibiashara kati ya watu wenye nguvu sawa, waliogawana hatari na bei wakijua. "Dai lolote" ni dai lolote.

Basi mawakala, mlivumilia kuchekwa, sasa zamu yenu. Tukiandike upya kile kifungu cha Trafalgar kwa ajili ya gari la hapa, tuone kama kinaweza kusimama.

Tuanze na kipimo. Tusiseme "mzigo" tukimaanisha watu. Kadi ya gari ya hapa inaonyesha idadi ya viti. Hiyo ni namba ambayo mwenye gari anayo ndani ya droo, kampuni inaweza kuiona, na trafiki anaweza kuisoma barabarani. Kwa hiyo: "watu wengi kuliko idadi ya viti iliyoandikwa kwenye kadi ya gari." Kama mnataka pia kuzungumzia mizigo ya kwenye keria, wekeni sentensi yake peke yake, kwa kilo, mkitaja kilo hizo zinasomwa wapi.

Kisha lile neno "wakati". Kampuni iamue inataka nini. Ikitaka kukataa hasara iliyotokana na kuzidisha watu, iandike "iliyosababishwa na". Hapo italazimika kuthibitisha kwamba tairi lilipasuka au gari liliyumba kwa sababu ya uzito. Ikitaka kukataa hasara yoyote inayotokea huku watu wamezidi, sababu iwe nini au isiwe nini, iandike hivyohivyo, waziwazi, "hata kama kuzidisha watu hakukuchangia ajali". Ni sharti gumu, na mteja akilisoma ataenda kwa jirani yenu. Najua. Ndiyo maana waandishi hupenda neno laini lisilosema lolote. Linauza leo na kupotea mahakamani kesho.

Nikiwa na rasimu yangu huwa nafanya jaribio moja. Nachukua watu watatu ambao hawakuiandika, nawapa kila mmoja kisa kilekile kwenye karatasi, na kuwauliza: kampuni inalipa au hailipi? Wakinipa majibu tofauti, kalamu hairudi mfukoni.

Tujaribu hapahapa. Gari lina viti 14 kwenye kadi. Ndani kuna abiria 13, dereva na konda. Wamezidi? Nasikia ndiyo, nasikia hapana. Mnaona, hatujasema kama konda ni "mtu" anayehesabiwa au la. Tuongeze: "dereva na konda wakihesabiwa." Sasa jibu ni moja, wamefika 15, wamezidi.

Na yule mama wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja watoto: mtoto wa kupakatwa je? Swali lako ndilo litakalofika mahakamani mapema kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna gari la abiria lisilo na mtoto wa kupakatwa. Kwa kifungu chetu kama kilivyo sasa, kampuni itasema mtoto ni mtu. Mwenye gari atasema kadi inahesabu viti, na aliyepakatwa hakukalia kiti. Maana mbili, zote zinasimama. Kwa hiyo iandikwe: "mtoto aliyepakatwa, wa umri chini ya miaka kadhaa, hahesabiwi", au "anahesabiwa". Miaka mingapi, kampuni ichague na ipange bei yake. Wakala amsomee mteja sentensi hiyo kabla hajapokea hela.